Bajeti ya Pamoja na Miche ya Yakobi

Mpwa wa bosi alifika Makambako akitokea Dar na koti la ngozi, kompyuta mpakato na cheti cha kozi ya matangazo ya mtandaoni. Kabla hajamaliza chai alishaanza kunifundisha kazi yangu. Nilimdharau pale pale, na hadi leo sijapata sababu ya kuacha.

Bosi wetu tulimwita Hajji. Alikuja Makambako kijana, akaanza na duka la spea za malori, akajenga gesti karibu na njia panda. Mdogo wake alioa Mbena, mwenyeji wa huku, na kufungua kitalu cha miche ya parachichi kule Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe. Mdogo mtu alipofariki, mjane akabaki na kitalu, na Hajji akasema biashara zote tatu ni nyumba moja. Hapo simlaumu, alisema kwa moyo mweupe. Shida ilianza pale mpwa alipoyageuza maneno hayo kuwa mfumo.

Mimi nilikuwa nasimamia matangazo yale yanayotokea juu mtu anapotafuta kitu kwenye simu. Kila biashara ilikuwa na kampeni yake na bajeti yake ya siku. Gesti ilikuwa na yake, spea zao, miche yake. Ukiandika "miche ya parachichi Njombe" unatuona. Mkulima wa Igwachanya anapiga, anaulizia miche iliyobebeshwa, ile iliyoungwa kikonyo cha mti bora, anaagiza ya kujaza shamba. Simu za namna hiyo zilikuwa chache, na kila moja ilitugharimu sana, kwa sababu wenye vitalu wengine nao walikuwa wanaigombania nafasi ile ile, na mtandao huipa anayetaja bei kubwa.

"Dada, huu ni ushamba," mpwa aliniambia, macho kwenye kioo changu. "Kampeni tatu, bajeti tatu, za nini? Weka bajeti ya pamoja. Na mkakati wa bei uwe mmoja kwa zote: tafuta simu nyingi iwezekanavyo. Mfumo una akili, utagawa wenyewe."

"Utagawa, lakini hautagawa sawa," nikamwambia. "Simu ya gesti ni rahisi. Simu ya miche ni ghali. Ukiuambia utafute simu nyingi, utazifuata za rahisi mpaka hela iishe. Na hakuna mahali pa kuuambia kwamba miche isikose fungu lake."

Akacheka, akamgeukia Hajji. "Mjomba, sisi si tunakula pamoja?"

Hajji akafurahi. Kwake suala likawa limeshakuwa la undugu, na kwenye undugu mimi mwajiriwa sina kauli. Pesa zikamwagwa mahali pamoja.

Mfumo ulifanya kile kile ulichoambiwa. Makambako usafiri haulali, na dereva wa lori akikaribia njia panda anatafuta gesti. Anabonyeza tangazo, anapiga, anauliza kama kuna maegesho, kama maji ni ya moto, kama geti lina mlinzi. Akishajua kwamba maegesho yapo ya bure kwa jirani, anaenda kulala humo humo ndani ya lori lake. Lakini simu imezidi nusu dakika, kwa hiyo imehesabiwa kama mafanikio, sawasawa na ya mkulima anayetaka miche mia tatu. Mfumo ukaona simu za bei poa zinapatikana gesti, ukapeleka hela huko. Kwenye mnada wa nafasi ya tangazo la miche ukawa unataja bei za kinyonge, tangazo letu likawa halionekani. Spea nazo zilidokoadokoa. Miche haikupata kitu.

Ripoti ya mpwa ilipendeza. Simu zimeongezeka, gharama kwa kila simu imeshuka! Hajji akaibandika mapokezi ya gesti, karibu na bei za vyumba, na mpwa akawa anaisomea wageni. Vyumba vyenyewe vilikuwa vimejaa kama siku zote, yaani nusu.

Nilikwenda Yakobi kumwona mjane. Mvua zilikuwa zimeshaanza na ardhi imelainika, ndio wakati watu wanapanda. Nilimkuta kati ya mistari ya viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, kanga imefungwa juu ya sweta.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Simu yangu imeharibika au watu wameacha kupanda?"

Alinyanyua kiriba kimoja akanionyesha chini yake. Mizizi ilikuwa imeshatoboa nailoni na kuingia ardhini. Akanieleza kwamba miche ile haitangoji msimu mwingine. Mizizi ikishajikunja ndani ya kiriba, mti unadumaa, na yeye hawezi kumuuzia mtu mti uliodumaa. Kitalu kizima kilikuwa kinategemea mvua hizo. Nilirudi Makambako nimekasirika kiasi kwamba nilishindwa kula.

Kesho yake niliitoa kampeni ya miche kwenye bajeti ya pamoja, nikaipa yake, ndogo tu, na mkakati wa bei uliojitenga, unaokubali kulipia zaidi kwa simu moja. Kwa siku za mwanzo haikutokea kitu, mfumo ulikuwa unajifunza upya. Kisha mjane akanipigia mwenyewe.

"Mwanangu, wanapiga! Kuna mzee wa Matembwe anakuja na gari lake kesho."

Nilicheka peke yangu kwenye kiti.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mpwa alipofungua ripoti yake ya wiki. Simu kwa jumla zimepungua, gharama kwa kila simu imepanda. Bila shaka! Hela iliyokuwa inanunua maswali ya maegesho sasa ilikuwa inanunua wakulima. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa ukimwelekeza polepole. Yeye alikimbia kwa Hajji.

"Dada ameharibu. Angalia mstari wa simu unavyoshuka."

"Hajji, miche imeanza kuuzika," nikasema. "Mpigie shemeji yako umuulize."

Hajji aliutazama ule mstari. Ulikuwa mwekundu, nao ulikuwa unashuka kweli. Hakupiga simu. "Kwa nini unamtenga shemeji yangu?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Watu watasema nimemfukuza. Mrudishe na wenzake."

Mpwa alimrudisha mbele yangu, kwa kubonyeza mara chache, huku akipiga mluzi. Akaninyang'anya na ruhusa ya kubadilisha bajeti. Mstari ukapanda tena, kijani kibichi, na mzee wa Matembwe akawa mteja wa mwisho aliyetoka kwenye tangazo.

Mvua zilipokatika nilikwenda tena Yakobi. Mjane alikuwa anachana viriba kwa kisu, anang'oa miche na kuirundika pembeni, udongo wake mzuri anaumwaga kwenye shamba la bondeni penye unyevu, apande viazi. Hakulia wala hakunilaumu. Ningependa anilaumu, ingekuwa rahisi zaidi.

Hajji aliposikia habari za viazi alinipigia, mchangamfu kabisa.

"Mtengenezee shemeji tangazo la viazi. Mpwa ameshasema nafasi ipo, mwingize humo humo."

Nikampigia mjane kumuuliza ni namba ipi niweke. Nikasikia jembe likigonga jiwe.

"Usiniweke popote, mwanangu," akasema. "Nitapanga ndoo zangu za viazi barabarani. Huko angalau anayepita ananiona."