Nafasi ya tano

Mwaka jana dada yangu alinunua antivirus, programu ya kuzuia virusi, ya daraja la juu, akaigawa kwa familia kama nyama ya sikukuu. Mimi natengeneza kompyuta, na nilikuwa nimemweleza: ile ya chini inalinda kompyuta moja na virusi, basi. Hii ya juu inalinda vifaa vitano, tena inakuonya email yako ikivuja mtandaoni.

Juzi maman akapata simu mpya. Antivirus ikaikataa: nafasi zote zimejaa. Makelele! Kaka akakumbatia tablette yake, dada akaficha simu. Nikawaka, nikafungua konti. Nafasi ya tano ilikuwa bado ya kompyuta ya papa iliyounguzwa na umeme, ile tunayozuia nayo mlango! Leseni haijui kifaa kimekufa mpaka ukiondoe. Nikakiondoa, simu ya maman ikaingia, vigelegele vikapigwa.

"Na jina langu huko mtandaoni, nani analichunga lisivuje?" maman akauliza.

"Maman, inachunga email unayoiandika humo tu. Yako ni gani?"

"Sina."

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi miye nachungwa na mtaa wetu wa Kadutu wote. Na mtaa haujawahi kusema nafasi zimejaa."