Kanuni Niliyompa Mdogo Wangu

“Dada, kwa nini jibu liwe lile lenye maneno ya kwenye habari?”

Mdogo wangu wa darasa la saba aliniuliza hivyo nyumbani Mpepai, tukichambua kahawa kichanjani. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Mimi niliyezoea kubishana na wahadhiri, hata na katekista, nilimkatiza.

“Wewe fuata tu. Mimi nilifaulu hivyo.”

“Ulifaulu au ulibahatisha?”

“Soma, wewe.”

Kwenye kujaza nafasi nilimfundisha vizuri: asome sentensi hadi mwisho, maana mara nyingi maneno ya baada ya pengo ndiyo yanayoamua. Kwenye ufahamu nilimpa njia ya mkato: achague jibu lenye maneno yaliyomo kwenye habari. Habari ya mazoezi ilihusu mkulima aliyeanika kahawa asubuhi akaenda gulioni, na mvua ikanyesha. Kwa nini kahawa iliharibika? Alichagua “Hapakuwa na mtu wa kuianua.” Nilimhamishia kwenye “Aliianika asubuhi,” kwa kuwa maneno hayo yalikuwa kwenye habari, ambayo mimi mwenyewe sikuisoma.

Kwenye mtihani wa kumaliza darasa la saba, Kiswahili ndicho kilichomwangusha. Alikosa nafasi ya shule ya bweni aliyoitamani, na mama akaacha kuitaja. Kwa miaka niliwalaumu walimu wake, tena kwa sauti.

Juzijuzi tu aliniambia kwamba kwenye mtihani ule alisiliba kwa penseli majibu ya ufahamu kama alivyoielewa habari, kisha akachukua kifutio na kuyabadilisha yote, kwa sababu alikumbuka nilivyomwambia.