Donge Ambalo Zamda Hakulionja

Kwenye kiwanda kidogo cha mikate pale Biharamulo mjini, donge halikatwi mpaka Zamda alionje. Ndiyo kazi aliyopewa na msimamizi wao, Benedicto: anyofoe kipande cha unga uliokandwa, akiweke ulimini, aseme kama chumvi ipo. Wenzake walimwamini kuliko mizani.

Ilikuwa Shaabani, Ramadhani inapiga hodi, na Zamda alikuwa hajamaliza kulipa siku zake za mwaka uliopita. Kwa hiyo alikuwa amefunga, kimyakimya. Angemwambiaje Benedicto? Mkatoliki wa Nyamiaga, rika la baba yake, angeuliza tu mbona mwezi wenyewe bado. Na jibu la swali hilo Zamda hakuwahi kulitamka mbele ya mwanamume, hata kaka zake.

Basi Kazimili, mkandaji, alipoita, "Dada mkubwa, njoo utuhukumu!" Zamda alinyofoa kipande, akakipeleka mdomoni, akakirudisha kiganjani bila kugusa hata midomo.

"Chumvi iko?"

"Iko."

Kesho yake mchana mikate ilirudi kutoka shule ya bweni, kreti juu ya kreti. Benedicto alikata mmoja, akampa kila mtu kipande.

"Onjeni wenyewe."

Felisita, mwenzake Zamda wa tanurini, alitafuna kidogo akakunja uso. "Mama yangu! Hii si ni karatasi? Chumvi iko wapi?"

Zamda alikishika chake tu. Alikuwa amefunga tena. Kilimvunjikia mkononi, makombo yakadondoka miguuni pake.

"Kazimili," Benedicto akaanza, "jana ulikuwa unakanda au unabishana Simba na Yanga?"

"Bosi, labda nimesahau, sikatai. Lakini dada alionja!"

"Zamda hajawahi kukosea. Labda ulikanda donge jingine ukalipitisha kwa mlango wa nyuma. Vua aproni. Uende nyumbani mpaka nikuite."

Kazimili akaanza kufungua kamba. Zamda alitazama ile kamba inavyofunguka, uso ukimwaka kuliko mlango wa tanuri. Ingetosha kunyamaza.

"Sikuonja," akasema.

"Nini?"

"Sikuonja, baba. Nilijifanya. Nilikuwa nimefunga."

"Umefunga nini? Ramadhani bado."

Felisita akamkanyaga Benedicto kwa macho, lakini mzee wa watu hakuelewa. Akarudia, "Nauliza, unafunga nini sasa?"

Zamda aliinamia sakafu yenye unga. "Kuna siku mwanamke hafungi, hata ndani ya Ramadhani. Baadaye anazilipa. Ndizo ninazolipa."

Benedicto akachukua kitambaa, akafuta mizani ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

"Si ungeniambia tu huwezi kuonja?" akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Hata sababu nisingeidai."

"Niliona aibu."

"Sawa. Watoto wa watu wamekunywa chai kavu kwa aibu yako. Na huyu nilikuwa namfukuza."

Zamda alijua asipoomba sasa hataomba tena. "Siku zilizobaki, naomba Felisita aonje badala yangu. Na jua likizama, naomba dakika chache nifungue na kuswali. Mapumziko yangu ya saa kumi sina shida nayo, nipe muda huo magharibi."

"Magharibi ndiyo mikate inatoka. Trei zile Felisita hawezi peke yake, ataunguza mikono au mikate."

"Tukiingiza mapema je?"

"Donge haliumuki kwa amri."

"Mimi ndiye natoka chai saa moja," alidakia Kazimili, aproni yake bado mkononi. "Nakuwa nimemaliza kukanda. Tubadilishane. Nitoke saa kumi, magharibi nishike trei."

Benedicto akafikiri. "Haya. Lakini tanuri lisibaki na mtu mmoja. Kama Kazimili hajafika mlangoni, Zamda hutoki, hata adhana iwe imekwisha. Na mikate ya shule mtaikanda upya ninyi wawili, baada ya zamu."

"Ndiyo, baba."

Jioni adhana ilipoanza, Kazimili alikuwa mlangoni ameshavaa glavu. Zamda alienda nyuma ya stoo, akafungua kwa tende na maji, akaswali. Alikuwa amedhani kuomba ndiko kugumu. Kumbe kugumu ni kumwachia trei zake kijana ambaye yeye mwenyewe nusura amwachie lawama. Tangu mchana Kazimili hakuwa amemwita dada mkubwa.

Akarudi haraka kuliko alivyoruhusiwa.

"Kazimili, kuhusu jana…"

"Shika upande wa pili, inaunguza," alisema kijana, bila kumtazama.

Akashika.