Firigisi za Jumamosi

Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema. Hawakusema uulize kila Jumamosi, tena saa ya chakula.

Miaka ya hamsini nilipangiwa shule ya kijijini, Shinyanga. Watoto wa darasa la kwanza walijua Kisukuma tu, na mkaguzi alikuwa njiani. Akiniona nimeshindwa kuwafundisha kusoma, kazi sina.

Nikamwendea mwalimu mzee wa shule ya jirani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Aliyasoma maandalio yangu, akasema, "Usianze na kitabu. Waache wasimulie habari za ng'ombe wao kwa Kisukuma kwanza, halafu uwape maneno ya Kiswahili." Nikajaribu, darasa likachangamka! Nikarudi kushukuru, na swali jipya.

Kila nilipofika, mkewe, mjamzito, alikimbiza kuku. Mgeni Usukumani hali mlenda, na firigisi ya kuku ni yake. Nilijua hayo, mimi ni Msukuma! Jumamosi ya tano maswali yalikuwa yameniishia. Nikatunga mengine njiani, mambo ambayo kitabu kilishanijibu vizuri tu. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na njaa. Aibu gani hii!

Siku moja mzee alinisindikiza hadi njia panda.

"Mwanangu, swali uliloanza kulihangaikia mwenyewe halinichoshi. Andika unapokwama, jaribu, kisha niletee lile lililokushinda."

"Sawa, mwalimu," nikasema. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mkaguzi akaja, akasikiliza watoto wakisoma, akasema nitafaa. Nikaenda mbio kumpa mzee habari. Sikuwa nimebeba kitu, hata muhogo.

Uani mama mkwe wa mzee alikuwa anakoroga uji. Mke wa mzee alikuwa amejifungua alfajiri hiyo, kitoto cha kike.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefaulu?"

"Nimefaulu."

Alicheka kwa furaha, akanishika mikono yote miwili. Macho yangu yakaenda kwenye banda la kuku. Mlango ulikuwa wazi, ndani hakuna hata manyoya. Mzazi Usukumani hunyweshwa supu ya kuku, na mama yule alikuwa akifuga wale kuku kwa ajili ya siku hiyo. Mimi nilikuwa nimewala, mmoja mmoja, pamoja na firigisi zao.

Nikageuka niondoke, nikawatafute kuku kokote. Mzee akanidaka langoni. Akainamisha kichwa, sauti ya chini, mkewe asisikie.

"Utuwie radhi, mwanangu. Leo hatuna cha kukupikia."

Jioni nilirudi na kuku majike wawili, nikawafungia bandani bila kubisha hodi. Supu ya mchana ilikuwa imeshampita mzazi. Mpaka leo nikipewa firigisi, namwachia mwingine.