Mbuzi Aliyepotea Hazikwi

Nilichokiona kwanza kwake ni viatu. Saluni ilikuwa tanuri, wakimbizi wenzake wametupa ndala mlangoni, lakini yeye alikaa na kamba za viatu zimekazwa, mgongo ukutani, macho mlangoni. Lori likitoa mshindo nje, keshasimama. Walimwita Mama Safari.

Usiku walipokimbia risasi, mwanawe alichomoka mkononi mwake gizani. Hajulikani alipo, hai wala maiti. Tangu hapo Mama Safari hulala ameketi, na nywele hazijaguswa na kitana.

Msusi mwenye saluni ni wifi yake, mkimbizi pia, aliyefunzwa na kliniki yetu kuwa mshauri wa jamii. Wanawake walikuja kusukwa. Aliyetaka kusema alisema, aliyetaka kunyamaza alinyamaza. Kazi ilikwenda vizuri, hadi ofisi ya mradi ilipotuletea Mtaalamu.

Mtaalamu alikuja na mishumaa, mpiga picha na tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Watu hawa hakuwajua hata kwa salamu, ila dawa yao alikuwa nayo mfukoni: kila mmoja awashe mshumaa, asimulie yaliyompata, kisha amuage aliyempoteza. Wifi alinong'ona kwamba hapa wapo ambao ndugu zao bado wanatafutwa. Mtaalamu akamtuliza kwa mkono, kama anayefukuza nzi.

"Mama, sema kwaheri. Utapona."

"Nimuage nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu amepotea, baba. Wewe ukipoteza mbuzi, unamchimbia kaburi?"

Wanawake wakacheka, kicheko chenye machozi. Mpiga picha akabofya. Mama Safari akazima mshumaa kwa vidole na kutoka.

Katika ripoti yake, Mtaalamu aliandika kuwa mama huyo "anapinga uponyaji". Kweli, huyu bwana angekuta nyumba inaungua, angeulaumu moto kwa utovu wa adabu!

Mama Safari akajifungia. Hakula, hakumfungulia mtu. Tukaogopa tumempoteza. Wifi alikwenda kila asubuhi, akakaa kizingitini akichambua maharage, bila swali. Hatimaye mlango ukafunguka.

"Umetumwa na yule wa mishumaa?"

"Huyo hatakanyaga tena kwangu. Nisamehe, wifi. Nilipaswa kusimama nimzuie."

"Ungemwasha yeye badala ya mshumaa!"

Wakachambua maharage pamoja. Kisha Wifi akasema:

"Jumamosi watakuja wazazi wengine ambao watoto wao hawajulikani walipo. Hakuna kuaga, hakuna picha. Anayewatafuta watu waliopotea pia atakuwepo, ukitaka aandike jina la mwanao. Hutaki, utakaa tu. Unaweza kutumaini atarudi na kumlilia kwa pamoja. Hakuna atakayekuambia uchague."

"Na nywele?"

"Zako hizo. Ukitaka."

"Nitakuja na viatu vyangu."

"Njoo navyo."

Leo ndiyo Jumamosi. Wazazi wamefika, kiti cha Mama Safari, bado kitupu, kimewekwa ukutani kikitazama mlango, na Wifi ameshika kitana. Kila nyayo zikikaribia nje, sote tunageuka.