Barua ya Melkizedek kwa Ofisa wa Mkonge

Wako watu wakipanda treni hushuka watu wengine kabisa. Melkizedek wa Lumuma alipandia Kilosa akiwa mtoto wa mama yake, akateremka Morogoro akiwa msomi. Aliporudi nyumbani Krismasi, baada ya mihula miwili tu ya chuo kikuu, kichwa kilikuwa kimevimba hata mvua ilipomkuta njiani mbuzi wawili walijibanza chini yake wasilowe. Asiyesadiki akawaulize mbuzi.

Watoto walimwamkia shikamoo, naye akawaitikia marahaba kwa sauti ya mkuu wa wilaya.

Lakini usiku kichwa hicho hakikupata usingizi. Chuo kiliweka sharti: kila mwanafunzi wa kilimo likizo ndefu aende shambani kwa mazoezi ya kazi, na mahali pa kwenda ajitafutie mwenyewe. Asiyepokelewa popote haingii mwaka wa pili. Wenzake walikuwa na baba maofisa. Barua zao zilijibiwa kabla wino haujakauka. Melkizedek alikuwa na mama mwenye shamba la maharage mlimani, basi.

Akaketi kumwandikia ofisa utumishi wa shamba moja la mkonge nje ya mji wa Kilosa, lile walilonyang'anywa Wagiriki likawa la umma. Akaandika jina lake. Akaandika tarehe. Hapo elimu ikaisha. Aseme nini? Alama zake chache, na mojawapo ni ya kuombewa. Kazi aliyowahi kufanya ni kufukuza nyani kwenye mahindi, na nyani walishinda.

Akaenda kwa mjomba wake Kornelio, katekista mstaafu aliyewaandikia barua watu wa mlima mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujibiwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, profesa. Umeishiwa maneno?"

"Sina uzoefu, mjomba. Nitamwambia nini huyo ofisa?"

"Ofisa mwenyewe nani?"

"Nasikia ni Ndugu Thadeo, Mhehe."

Kornelio akarusha kofia juu. "Mhehe! Mtani wetu! Mpwa wangu, umeshapata kazi. Mtani haombwi kwa adabu. Ukimwomba kwa adabu atadhani umefiwa. Mtani anatukanwa, anacheka, anatoa. Hata jeneza la babu yako watani walilikalia mpaka wakapewa jogoo. Lete kalamu."

Hapo ndipo akili ya chuo kikuu ingepaswa kuuliza: barua ya kazi nayo ni msiba? Haikuuliza. Msomi aliinamisha kichwa kile kikubwa akaandika kila alichoambiwa, kwa mwandiko mzuri kama wa mwaliko wa harusi:

"Ewe mwizi wa mbuzi wa babu zetu! Tunajua ulivyonona kwa jasho la umma, tumbo limekutangulia ofisini. Siku zako zimehesabika. Mpokee kijana wetu Melkizedek kwa mazoezi ya kazi, Aprili hadi Juni, au tutakuja wenyewe kukutoa kwenye kiti hicho."

"Tamu," akasema Kornelio, akalamba stempu.

Majibu yakaja upesi hata Kornelio mwenyewe akaogopa. Mstari mmoja: Fika ofisini mara moja.

Melkizedek akateremka mlima kwa lori la vitunguu, akafika Kilosa ananuka kama mchuzi, akatembea hadi shambani. Ofisini akakuta mtu asiyemtarajia. Thadeo alikuwa amehamishiwa Tanga tangu Novemba. Kwenye kiti chake ameketi Ndugu Lupakisyo, mtu wa Tukuyu, asiye mtani wa mtu yeyote toka Kilosa hadi Dodoma. Barua ilikuwa mbele yake, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechoka.

Na ikumbukwe ilikuwa miaka gani. Mwongozo wa chama wa kuwakataza wakubwa ubabe ulikuwa umetoka, wafanyakazi mjini wanawafungia mameneja nje ya mageti, na kila bosi mwenye shati safi alilala jicho moja wazi. Lupakisyo hakuwa na jicho la kufumba hata moja.

Akafunga mlango. Akammiminia kijana chai ya maziwa kwa mkono wake mwenyewe, nusu ikaenda kwenye sahani.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "nani amekutuma?"

"Mjomba."

"Mjomba yuko chama?"

"Yuko kanisani."

Lupakisyo akafuta jasho. Hilo lilikuwa baya zaidi. "Sasa yeye, huko kanisani, habari za unga wa posho ya wafanyakazi amezipata wapi?"

Melkizedek akakodoa macho. Barua haikutaja unga. Mtu mwenye akili angenyamaza, akanywa chai, akaondoka na kazi na pengine baiskeli. Lakini tunamsema Melkizedek. Akaanza kueleza: huo ni utani, ofisa, ni desturi ya kwetu, maneno yalimlenga Ndugu Thadeo, wewe hayakuhusu hata kidogo.

Lupakisyo akasikiliza mpaka mwisho. Rangi ikamrudi usoni. Kisha akacheka, kicheko kirefu kinene cha mtu aliyetapika sumu, akavuta kile kikombe cha chai akakirudisha upande wake.

"Kumbe mjinga tu! Mimi nimekesha siku nne kwa ajili ya mjinga! Haya msomi, uzoefu wako nini?"

"Nimewahi kulinda mahindi. Nyani."

"Umesoma muda gani?"

"Mihula miwili."

"Mihula miwili na nyani. Chuo kikuu siku hizi kinaokota yeyote. Toka, uninukie vitunguu nje."

Melkizedek akasimama. Mwaka wa pili aliuona ukimpita kama treni isiyosimama. Akafika mlangoni, akashika kitasa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kile kichwa kikatoa kitu.

"Sawa, ndugu. Basi naona nipitie kwa mwenyekiti wa halmashauri ya wafanyakazi, nimwambie kama amesikia habari za barua hii aipuuze. Ila akiniuliza unga gani uliousema, nimjibu nini?"

Alisema hivyo kwa ujanja au kwa ujinga? Mwenyewe mpaka leo ukimuuliza anakohoa.

Kiti kikavutwa. Chai ikarudi. Karatasi safi ikatokea.

"Keti," akasema Lupakisyo huku ameuma meno. "Andika upya, na huyo mjomba asiwemo. Jina, mwaka wa masomo, umesoma nini mpaka sasa. Tarehe za likizo. Uzoefu huna, sema huna. Mwanafunzi haajiriwi, anafundishwa. Barua ya mkuu wa kitivo utaileta ukiripoti. Haya."

Ikatoka mistari sita, mikavu kama muhogo wa juzi: amesoma udongo na mimea, hajafanya kazi ya kulipwa, anaomba kujifunza kitalu cha mkonge. Lupakisyo akaisoma akibinua mdomo, akagonga muhuri kwenye jibu la kumpokea, nakala kwa kitivo. Mshahara hakuna, posho na kitanda kambini. Hawakupeana mkono. Kila mmoja alimwonea mwenzake kinyaa, na wote wawili walikuwa na haki.

Aprili akaripoti amevaa viatu vyeusi vya ngozi na tai. Nyapara wa kitalu, Lazaro, alimtazama kuanzia juu hadi kwenye soksi, kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakipalilia miche.

"Mama zangu, tumeletewa ofisa. Nani ana jembe asilolipenda?"

Wanawake wakacheka, na majembe matatu yakanyooshwa kwa pamoja.