Siku Moja ya Kumsalimia Mama

Elias Masatu alikuwa mkata minofu, na kisu chake sijaona cha kukifananisha nacho. Miaka kumi na saba amesimama kwenye meza ileile ya kiwanda chetu cha samaki hapa Mwanza, buti nyeupe, aproni, kofia ya nailoni. Sangara wa kilo nne kwake ni mikato mitatu tu. Maneno yake yalikuwa machache kuliko mikato yake. Ni mtu wa kisiwa cha Ukerewe, kitinda mimba wa mama mmoja mjane kule Nansio, na mama huyo ndiye aliyemfundisha kushika kisu.

Mimi ni afisa utumishi. Mnaniita Madam Wilhelmina mbele yangu, na nyuma najua mnavyoniita. Mdomo wangu ni mkali, sikatai. Zamani mtu akitaka ruhusa alikuja dirishani kwangu, akajieleza, nikamwona uso. Mwaka juzi kiwanda kikaleta mfumo. Sasa kuna kompyuta karibu na mlango wa kantini, unajaza mwenyewe: aina ya likizo, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, sababu. Sababu ina kisanduku kidogo tu, sentensi mbili zinatosha. Ukibonyeza tuma, inakuja kwangu.

Jumatatu ile, tarehe kumi Machi, ikaja ya Elias. Likizo ya mwaka. Kuanza: 11 Machi. Mwisho: 31 Desemba. Sababu: “Kwenda kusalimia mama.” Mfumo ukahesabu wenyewe, siku 296, na pembeni ukaandika kwa rangi nyekundu kwamba salio lake ni siku kumi na tisa.

Jamani, nilicheka. Nikamwita na Nathaniel wa stoo aje aone. Kisha nikairudisha na maelezo: “Siku zimezidi salio. Sababu haijaeleweka.”

Mchana Elias akaja dirishani, kofia mkononi. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu saba wanaofuata hati za mshahara.

“Madam, ile fomu imerudi.”

“Lazima irudi, Masatu! Unakwenda kumsalimia mama yako mpaka mwaka mpya? Umemkosea nini huyo mama?”

Foleni ikaangua kicheko. Elias naye akatabasamu, akaangalia chini.

“Sijui nitarudi lini, madam. Ndiyo maana nikaweka mbali.”

“Mfumo hauna sijui. Unataka tarehe. Kwani mama anaumwa?”

Akageuka kuwatazama wale watu. “Hajisikii vizuri kidogo tu.”

Kidogo tu! Na mimi niliyezaliwa Magu, niliyekulia kwa watu wasiotaja ugonjwa mkubwa kwa jina lake, nikaamini kidogo tu. Bibi yangu mwenyewe alikuwa anakata roho, baba akawa anawaambia majirani kwamba mafua yamemkaba. Nilijua kabisa mtu wa kwetu akisema “kidogo” huku hakuangalii machoni, maana yake ni nini. Nilijua, lakini nilikuwa na haraka.

“Basi weka siku zinazoeleweka,” nikamwambia. “Anayefuata!”

Kwa mama mgonjwa sheria haina siku zake. Zile nne za malipo ni za mzazi aliyefariki. Mama akiwa bado anapumua, unakata kwenye likizo yako ya mwaka, mkuu akikubali. Na wiki ile meneja alikuwa amesema likizo za mwaka zisubiri, tuna mzigo wa samaki wa kusafirishwa kwa ndege, isipokuwa dharura. Dharura napitisha mimi mwenyewe, papo hapo. Angeandika hivi tu: “Mama mgonjwa sana, amelazwa Nansio. Naomba siku tano, 11 hadi 15.” Maneno kumi na mawili hayafiki. Kabla hajamaliza chai ningekuwa nimeshabonyeza.

Jumanne asubuhi ikaja ya pili. Likizo ya mwaka. Kuanza: 13 Machi. Mwisho: 13 Machi. Sababu: “Kusalimia.”

Siku moja. Meli ya kwenda Nansio peke yake inakula nusu siku. Mtu mwenye akili angejiuliza, huyu anasafiri maji yote hayo kwenda kusalimia nini, kisha ageuze? Sikujiuliza. Niliona likizo ya mwaka, nikaona kusalimia, nikasema hii si dharura, asubiri. Nikaiacha kwenye orodha ya zinazosubiri, chini ya nyingine kumi na nne.

Mtasema si angeondoka tu. Mwezi uliotangulia Luhende wa meza ya pili aliondoka bila ruhusa, akarudi akakuta barua yake ya kuachishwa kazi getini. Barua hiyo niliiandika mimi. Elias ana watoto wanne.

Jumatano alipita mbele ya dirisha langu mara mbili. Alisalimia, nikaitikia. Hakuuliza. Alhamisi, ile tarehe yake kumi na tatu, alikuwa mezani anakata samaki. Msimamizi aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alijikata kidole, jambo ambalo hajawahi kufanya miaka yote. Akafungwa bandeji, akaendelea.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuta fomu ya tatu. Aina: msiba. Kuanza: 14 Machi. Mwisho: 17 Machi. Sababu: “Mama amefariki leo alfajiri, Nansio. Mazishi Jumapili 16.”

Siku nne kamili, si pungufu, si zaidi. Nani, lini, wapi, kila kitu mahali pake. Katika fomu zote nilizowahi kupokea sijaona iliyojazwa vizuri namna ile. Niliipitisha dakika ileile, kisha nikaingia chooni nikalia hadi Nathaniel akaja kugonga mlango.

Jumapili tulikwenda kuzika, watu sita wa kiwandani. Dada yake Elias, Perusi, alinishika mkono bila kujua mimi ni nani. Akanisimulia kwamba mama alianguka Jumamosi iliyopita, na tangu hapo alikuwa anamtaja kitinda mimba wake. Jumatano aliomba kitanda kigeuzwe auone mlango. Alhamisi hakusema tena, lakini macho alikuwa ameyaelekeza kulekule. “Tulimwambia Elias yuko njiani,” Perusi akasema. “Tungemwambia nini kingine?”

Nilimkuta Elias nyuma ya nyumba, amesimama peke yake na kidole chake cha bandeji.

“Masatu, pole. Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuandika?”

Hakunikasirikia. Heri angenitukana.

“Madam, niandike mama yangu anakufa, halafu niweke na tarehe ya mwisho? Si ningekuwa namchulia? Niliona nikiandika, mimi ndiye nitakuwa nimempangia siku. Nilidhani mtaniuliza.”

Nilimuuliza, lakini mbele ya foleni, nikiwa nacheka.

Jumanne tarehe kumi na nane, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa mezani kwake, kama fomu ilivyosema.

Siku hizi nimebandika karatasi juu ya ile kompyuta: andika nani, ana nini, yuko wapi, kuanzia lini hadi lini. Watu bado wanaandika kusalimia. Nikiliona neno hilo nainuka kitini, naenda hadi mezani kwa mtu, namvuta pembeni, namuuliza kwa sauti ya chini.

Na ile fomu ya pili ya Elias ipo hadi leo. Tarehe ikishapita mfumo haufuti, unangoja nikubali au nikatae. Kila asubuhi nikifungua orodha ni ya kwanza juu: siku moja, kusalimia, inasubiri. Nimeshindwa kubonyeza chochote.